Ukurasa mmoja, ngazi mbili au ngazi tatu: ramani ipi inalifaa duka dogo la mtandaoni?

Mwombe mtu anayejiandaa kufungua duka la mtandaoni akuonyeshe mpango wake. Mara nyingi atatoa karatasi yenye visanduku: Nyumbani juu, na chini yake Bidhaa, Kuhusu Sisi na Mawasiliano. Hiyo ni ramani ya tovuti, na haina kosa, ila inajibu swali moja tu: kuna kurasa zipi, na ipi iko chini ya ipi. Haisemi mnunuzi anatoka wapi kwenda wapi, wala anarudi wapi malipo yakikataa. Hayo yanakaa kwenye mchoro wa pili, yaani mchoro wa mtiririko, ambao watu wengi huuruka kwa sababu wanaona njia ya kununua inajulikana: bidhaa, kikapu, malipo, asante.

Njia hiyo ya vituo vinne ni ya siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Mimi huchagua umbo la duka kwa kuangalia siku nyingine zote.

Hapa nalinganisha maumbo matatu ambayo maduka madogo hutumia. La kwanza ni duka la ukurasa mmoja. La pili ni la ngazi mbili, yaani makundi na bidhaa, na malipo yote kwenye ukurasa mmoja. La tatu ni la ngazi tatu, lenye makundi, vikundi vidogo na bidhaa, na malipo yaliyogawanywa hatua kwa hatua. Yote matatu nitayapima kwa duka moja la mfano, la vifaa vya kuandikia lenye bidhaa 48: kalamu 14, daftari 16, wino aina 9, na karatasi na bahasha 9.

## Tutapima kwa nini

Mnunuzi anafika akijua nini. Anayejua jina la wino anaoutaka anahitaji njia tofauti na anayetafuta zawadi. Wa kwanza hata hatautazama ukurasa wa nyumbani, kwa kuwa atatua moja kwa moja kwenye bidhaa akitokea kwenye injini ya utafutaji au kwenye kiungo alichotumiwa na rafiki. Wa pili atazunguka.

Jumla kamili inajulikana wapi. Gharama ya kufikisha mzigo haiwezi kukokotolewa kabla ya kujua unakwenda wapi, na mtu hawezi kulipa kabla ya kuijua jumla. Kwa hiyo mahali, kisha gharama, kisha malipo: mpangilio huo huwezi kuupindua. Unachoweza kuamua ni mahali hapo utapauliza mapema kiasi gani.

Njia za kurudi. Bidhaa imeisha, kadi imekataliwa, mtu amebonyeza kitufe cha kurudi nyuma, simu imezima. Kila tukio la aina hii ni mshale kwenye mchoro, na mshale usiochorwa ndio unaomwacha mteja mbele ya skrini nyeupe.

Kazi ya kutunza. Hapa usihesabu kurasa, hesabu violezo. Bidhaa 48 zinaleta kurasa 48, lakini zote zinatoka kwenye kiolezo kimoja. Kinachokula muda wako ni idadi ya violezo vya kuandaa na kuvijaribu kwenye simu na kompyuta, si idadi ya bidhaa.

## Kipande ambacho hakibadiliki

Kabla ya kulinganisha, kuna sehemu ya mtiririko ambayo lazima iwepo kwenye umbo lolote. Ichore kwanza. Kurasa naziweka kwenye mstatili na maswali ya ndiyo au hapana kwenye umbo la almasi, kama ilivyo kwenye michoro ya kawaida ya mtiririko, lakini hata maandishi matupu yanatosha:

```
KIKAPU -> ipo stoo?
            hapana -> KIKAPU + ujumbe
            ndiyo  -> ANWANI
ANWANI -> GHARAMA YA KUFIKISHA -> LIPA -> jibu?
            imekubaliwa -> ASANTE
            imekataliwa -> LIPA, fomu bado imejaa
            hakuna jibu -> TUNASUBIRI
```

Wengi huchora majibu mawili ya malipo, kukubaliwa na kukataliwa. La tatu ndilo linaloumiza. Mtu anapelekwa kwenye ukurasa wa benki au anasubiri ujumbe wa kuthibitisha kwenye simu, kisha betri inaisha au anafunga kivinjari. Pesa huenda imekatwa, lakini yeye hakurudi kwenye duka lako.

Mara moja niliunda duka ambalo oda iliandikwa pale tu ukurasa wa Asante ulipofunguka. Kwenye majaribio lilifanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu mimi kila mara nilisubiri hadi ukurasa ufunguke. Wateja hawakusubiri. Tulianza kupokea malalamiko ya watu waliolipa na ambao hatukuwa na oda zao, na tulikaa siku nzima tukilinganisha taarifa za malipo na orodha yetu, mstari kwa mstari. Dawa ilikuwa kubadilisha mchoro kabla ya kubadilisha msimbo. Oda inaandikwa mtu anapobonyeza Lipa, ikiwa na hali ya "inasubiri". Mtoa huduma ya malipo anapeleka uthibitisho moja kwa moja kwa seva yetu, bila kupitia kivinjari cha mteja, na uthibitisho huo ndio unaobadilisha hali kuwa "imelipwa". Ukurasa wa Asante unasoma hali hiyo tu, hauiandiki. Akirudi kabla uthibitisho haujafika, anaona ukurasa wa Tunasubiri wenye namba ya oda na ahadi ya barua pepe.

Kwa hiyo umbo lolote utakalochagua, ramani yako ina ukurasa mmoja zaidi ya ulivyodhani.

## Umbo la kwanza: duka la ukurasa mmoja

Ramani na menyu. Kila kitu kiko kwenye ukurasa wa nyumbani: picha, maelezo, kitufe cha kununua. Menyu haipeleki popote nje ya ukurasa, inashuka tu hadi sehemu husika. Kikapu hakina ukurasa wake, kinafunguka kama paneli ya pembeni. Kurasa za kweli zinazobaki ni malipo, Asante pamoja na Tunasubiri, na zile za maandishi kama masharti, faragha na marejesho. Violezo vitano au sita vinakutosha.

Njia ya mnunuzi. Ndiyo fupi kuliko zote. Anashuka, anaona, anabonyeza. Kama watu wako kwa kawaida hununua kitu kimoja, unaweza hata kuruka kikapu: kitufe cha Nunua Sasa kinampeleka moja kwa moja kwenye malipo, na idadi anaibadilisha hapohapo. Gharama ya kufikisha inapendeza ikiwa moja kwa wote, kwani hapo unaiandika chini ya bei ya bidhaa na mnunuzi anaijua jumla kabla hajabonyeza chochote.

(Watu wakizungumzia ununuzi wa haraka hutaja mbofyo mmoja wa Amazon, ambao hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1999 na kuisha muda mwaka 2017. Lakini mbofyo ule unafanya kazi kwa sababu anwani na kadi ya mteja vimeshahifadhiwa. Duka ambalo wateja wake karibu wote wanafika kwa mara ya kwanza halipati chochote kwa kuuiga.)

Inapokwama. Bidhaa haina anwani yake ya mtandaoni. Ukitumia alama ya reli, kwa mfano `/#daftari-jeusi`, kile kinachofuata baada ya alama hiyo hakitumwi kwa seva. Kinabaki kwenye kivinjari. Kwa seva, na kwa injini ya utafutaji, huo ni ukurasa uleule mmoja. Mtu akimtumia rafiki yake kiungo cha daftari, picha na kichwa vinavyojitokeza kwenye ujumbe ni vya duka zima. Na yule mnunuzi anayelijua jina la wino anaoutaka hatakupata kwa urahisi, maana huna ukurasa unaoitwa kwa jina hilo.

Kwa bidhaa 48 kuna tatizo la pili: ukurasa unakuwa mrefu, na picha zote zinagombania mtandao mmoja. Unaweza kuziambia picha za chini zisubiri kwa `loading="lazy"`, na inasaidia, lakini haimpunguzii mtu kazi ya kushuka. Utajua umefika kikomo unapomtazama mtu akitumia duka lako: ataanza kupanda na kushuka akitafuta kitu alichokiona dakika iliyopita. Akifanya hivyo mara mbili, ukurasa umejaa.

Linamfaa nani. Mwenye bidhaa chache ambazo zinaelezwa pamoja, na ambaye wateja wake wanatoka kwenye tangazo au ukurasa wake wa mtandao wa kijamii, wakiwa tayari wameona wanachokitaka. Duka letu la mfano lingekuwa na daftari sita tu za kutengenezwa kwa mkono, ningelichora hivi bila kusita. Kwa 48, hapana.

## Umbo la pili: ngazi mbili, malipo kwenye ukurasa mmoja

Ramani na menyu. Hapa kila bidhaa ina ukurasa wake, na makundi manne yanaingia moja kwa moja kwenye menyu:

```
/
/kundi/kalamu      14
/kundi/daftari     16
/kundi/wino         9
/kundi/karatasi     9
/bidhaa/...        48
/tafuta
/kikapu
/malipo
/asante
/tunasubiri
```

Violezo vinakuwa kama tisa, Asante na Tunasubiri zikitumia kimoja, ukijumlisha kurasa za maandishi na ukurasa wa "hakipatikani".

Angalia kwamba anwani ya bidhaa haipiti kwenye kundi. Si bahati mbaya. Kabla ya kuchora ramani hii, andika majina ya bidhaa kwenye vikaratasi, kimoja kimoja, uwape watu watano wasiolijua duka, kila mmoja peke yake, wavipange kwenye mafungu na kuyapa mafungu hayo majina. Kalamu na daftari watakubaliana. Lakini katriji za wino, wengine wataziweka kwenye wino na wengine kwenye kalamu, na wote wako sahihi. Usilazimishe. Katriji ionekane kwenye makundi yote mawili, ila ukurasa wake uwe mmoja, `/bidhaa/katriji-ya-buluu`. Ungeiandika `/wino/katriji-ya-buluu` na pia `/kalamu/katriji-ya-buluu`, ungekuwa na kurasa mbili zenye maneno yaleyale, na siku ya kubadilisha kundi viungo vyote vilivyosambaa vingekufa.

Vikaratasi hivyo vinakupa na majina ya menyu. Chukua neno wanalolitumia watu, si lile la kwenye katalogi ya anayekuuzia kwa jumla. Na usiweke neno "Bidhaa" kwenye menyu ukayaficha makundi chini yake: kwenye duka, kila kitu ni bidhaa, kwa hiyo neno hilo halimwambii mtu lolote. Kwenye simu, ambako menyu hujificha nyuma ya alama ya mistari mitatu, weka makundi manne pia kama vitufe juu ya ukurasa wa nyumbani.

Utasikia kwamba menyu isizidi vitu saba kwa sababu akili haishiki zaidi. Chanzo chake ni utafiti wa mwanasaikolojia George Miller wa mwaka 1956, nao ulihusu kumbukumbu ya muda mfupi, yaani kushika vitu kichwani bila kuviona. Menyu iko mbele ya macho, hakuna anayeikariri. Punguza menyu kwa sababu makundi yanafanana mno au majina hayaeleweki, si kwa sababu umefika nane.

Jambo jingine la ramani hii: rangi si ukurasa. Daftari moja lenye rangi tatu ni ukurasa mmoja wenye chaguo. Ukizifanya kurasa tatu, ukurasa wa kundi unajaa picha zinazofanana na mteja anadhani una bidhaa nyingi kuliko ulizonazo, kisha anachoka kuzitofautisha. Idadi iliyobaki stoo, hata hivyo, ihesabiwe kwa kila rangi.

Njia ya mnunuzi. Ana milango miwili. Anayezunguka anaingia Nyumbani, kundi, bidhaa. Anayejua anachotaka anatua kwenye bidhaa moja kwa moja, na ndiyo maana ukurasa wa bidhaa lazima ujitegemee: uonyeshe kundi lake, gharama ya kufikisha au kiungo chake, na sera ya marejesho. Huyu hajauona ukurasa wako wa nyumbani, na huenda asiuone kamwe.

Kikapu kina ukurasa wake. Hapo ndipo ningeuliza mahali mzigo unakokwenda, kwa orodha fupi ya maeneo tu, si anwani nzima. Jumla inajulikana kabla ya malipo. Kisha ukurasa mmoja wa malipo wenye mawasiliano, anwani na njia ya kulipa, kwa mpangilio huo, na kitufe kimoja mwishoni.

Inapokwama. Ukurasa mmoja wa malipo una kasoro tatu, zote zikionekana zaidi kwenye simu.

Ya kwanza ni makosa ya fomu. Mtu anabonyeza Lipa akiwa chini kabisa, ujumbe wa kosa unatokea juu karibu na namba ya simu aliyoiandika vibaya, na yeye anaona kitufe ambacho hakifanyi kitu. Anabonyeza tena. Kwenye mchoro, andika mshale wa kosa ukirudi kwenye kisanduku chenye kosa, usiishie kwenye "fomu". Ukishauandika hivyo, atakayetengeneza atajua kwamba skrini inapaswa kumpeleka mtu hapo.

Ya pili ni jumla inayobadilika. Eneo likiulizwa kwenye ukurasa huohuo wa malipo, gharama inaongezeka wakati mtu ameshaanza kuandika namba ya kadi, na kubadilika kwa jumla wakati huo kunatia shaka. Kuuliza eneo kwenye kikapu kunaondoa tatizo hili karibu lote.

Ya tatu ni kitufe cha kurudi nyuma. Kinamtoa kwenye ukurasa mzima, na usipohifadhi alichoandika, anarudi kwenye fomu tupu. Jaribu mwenyewe: jaza nusu, rudi kwenye kikapu, badilisha idadi, endelea. Ikiwa anwani imefutika, mshale huo haukuchorwa.

Linamfaa nani. Duka lenye makundi machache yanayoeleweka, wateja wanaofika kwa milango tofauti, na gharama ya kufikisha inayotegemea eneo tu. Kwa mwenye duka peke yake, violezo tisa vinabebeka.

## Umbo la tatu: ngazi tatu, malipo kwa hatua

Ramani na menyu. Kalamu inagawanyika kuwa za wino, za risasi na za rangi, daftari kuwa za mistari, tupu na za miraba, na kadhalika. Tuseme kila kundi lina vikundi vidogo vitatu. Vinakuwa 12, na bidhaa 48 zikigawanywa humo, kila kikundi kinabaki na wastani wa nne. Mtu anabonyeza mara mbili, anasubiri kurasa mbili, anakuta bidhaa nne. Inafanana na kuingia chumba kikubwa chenye rafu moja. Kwa ukubwa huu, ninachopendelea ni kichujio ndani ya ukurasa wa kundi: daftari 16, na juu yake vitufe vya mistari, tupu, miraba.

Lakini hesabu hiyo inageuka duka likikua. Daftari zikifika 60, ukurasa wa "daftari za miraba" wenye bidhaa 20 unajilipa, na mtu anayezitafuta kwa jina hilo anaupata moja kwa moja. Kanuni yangu, ya mazoea tu, ni kwamba kikundi kisipate ukurasa kabla ya kuwa na bidhaa nane hivi, na kabla watu hawajaonyesha kwamba wanakiita kwa jina. Kisanduku cha kutafuta kitakuonyesha: soma maneno wanayoandika humo.

Violezo hapa vinafika 14 au zaidi, maana malipo, ukihesabu na kikapu, yamekuwa kurasa nne, na mara nyingi umbo hili huja na akaunti: kuingia, kusahau nenosiri, oda zangu.

Njia ya mnunuzi. Kikapu, kisha anwani, kisha njia ya kufikisha, kisha kulipa. Kila skrini inauliza kitu kimoja, kosa linaonekana palepale, na gharama inapoongezeka mtu anaiona ikiongezeka kwa sababu anayoijua: ndiyo kwanza amechagua kufikishiwa haraka. Huu ndio ubora wake hasa. Kama duka lina njia kadhaa za kufikisha, au mzigo mmoja unaweza kugawanywa, au kuna oda za kampuni zenye anwani ya ankara tofauti na ya mzigo, ukurasa mmoja utajaa masharti ya "ikiwa" hadi hakuna anayeuelewa. Hatua zinayapanga.

Hatari ya njia hii ni kuchelewesha jumla. Eneo likiulizwa hatua ya pili na njia ya kufikisha hatua ya tatu, mtu anaiona jumla kamili akiwa ameshaandika kila kitu. Weka makadirio kwenye kikapu hata hapa.

Inapokwama. Kwenye almasi moja: "una akaunti?" Ukiiweka kabla ya anwani, na jibu la "hapana" likaenda kwenye fomu ya kujisajili, umejenga ukuta katikati ya njia. Mshale wa "hapana" uende moja kwa moja kwenye anwani, kama mgeni. Ombi la kufungua akaunti lihamie ukurasa wa Asante, ambako jina, anwani na barua pepe tayari unavyo na kilichobaki ni nenosiri tu.

Pia kila hatua iwe na anwani yake ya mtandaoni, `/malipo/anwani`, `/malipo/kufikisha`, `/malipo/lipa`. Hatua zikibadilishwa ndani ya ukurasa mmoja bila kubadilisha anwani, mtu anayerudi nyuma akitegemea kuona hatua iliyopita anajikuta kwenye kikapu. Na kinyume chake kinahitaji mshale: mtu akifungua `/malipo/lipa` moja kwa moja, akiwa hana anwani wala kitu kikapuni, apelekwe kikapuni badala ya kuona fomu ya kulipia sifuri.

Kuna na muda. Njia ndefu inampa mteja mwingine nafasi ya kuchukua kitu cha mwisho stoo. Swali la "ipo stoo?" lililoulizwa kwenye kikapu liulizwe tena sekunde ile anapobonyeza Lipa, na jibu la hapana limrudishe kikapuni likitaja bidhaa iliyoisha kwa jina.

Linamfaa nani. Duka lenye bidhaa mia kadhaa, au lenye bidhaa chache lakini usafirishaji wenye machaguo mengi, au wateja wanaorudi mara kwa mara na wanaotaka kuona oda zao za zamani.

## Kuchagua kulingana na hali yako

Ramani na njia ya malipo si lazima vitoke umbo moja. Nimeviunganisha hapo juu kwa sababu ndivyo vinavyokuja mara nyingi, lakini ni maamuzi mawili, na kila moja lina swali lake. Ramani inaamuliwa na idadi ya bidhaa na jinsi watu wanavyozitafuta. Njia ya malipo inaamuliwa na ugumu wa kufikisha mzigo.

Ukiwa na bidhaa zisizozidi dazeni na wateja wanaotoka kwenye matangazo yako, anza na ukurasa mmoja. Lakini ukiona watu wanakuomba kiungo cha bidhaa fulani ili wawatumie wengine, hiyo ni dalili kwamba bidhaa zimeanza kuhitaji kurasa zake. Kuhama mapema ni rahisi, kwa kuwa bado huna viungo vingi vya kuvunja.

Ukiwa na bidhaa chache ila kila mzigo una machaguo, kwa mfano samani zinazofikishwa kwa siku maalumu na kupandishwa ghorofani, chukua ramani fupi na malipo ya hatua. Mchanganyiko huu watu hawaufikirii, kwa sababu duka dogo linadhaniwa kuhitaji malipo mafupi.

Ukiwa na bidhaa nyingi sana za kupakua, ambazo hazina mzigo wa kufikisha, fanya kinyume chake: ramani ya ngazi tatu, na malipo ya ukurasa mmoja yenye barua pepe na njia ya kulipa tu. Sanduku la anwani lifute kabisa kwenye mchoro.

Ikiwa hujui wateja wako wanafikaje, usiamue kwa kukisia. Chora ngazi mbili kwenye karatasi, uwape watu watano kazi tatu kila mmoja, mfano "tafuta katriji ya buluu" au "unataka kujua kama unaweza kurudisha daftari", waonyeshe kwa kidole wangebonyeza wapi. Usiwasaidie. Watatu wakienda mahali tofauti na ulipodhani, jina la menyu ndilo lenye tatizo kabla ya umbo.

Duka letu la bidhaa 48 nimeliishia hivi: makundi manne, kichujio kwenye daftari na kalamu, katriji kwenye makundi mawili kwa anwani moja, eneo likiulizwa kwenye kikapu, malipo kwenye ukurasa mmoja bila akaunti, na ukurasa wa Tunasubiri. Kwa sasa mzigo wote unakwenda kwa njia moja ya usafirishaji. Siku litakapoanza kupokea oda za kampuni, zenye ankara inayokwenda ofisini na mzigo unaokwenda kwingine, ukurasa wa malipo nitaukata kuwa hatua tatu, na ramani ya bidhaa itabaki ilivyo.